Umefungua duka la kushona? Hivi ndivyo utakavyowaambia majirani

Cherehani imefika, pasi iko, stima imewashwa. Umepiga picha ya duka na sasa unataka kuiweka kwenye WhatsApp Status na kubandika nakala mlangoni. Wengi wetu tungeandika hivi chini ya picha:

"Habari njema! Tumefungua rasmi! Karibuni nyote kwa huduma bora za ushonaji kwa bei nafuu."

Majirani watakupongeza, watakutumia emoji za makofi, kisha watapita. Si wabaya. Ni vile tu hujawaambia walete nini, wapi, na watalipa ngapi.

Fikiria jirani anayekupita asubuhi akienda stejini. Hakujui kama fundi. Hawezi kukupa kitenge alichonunua kwa pesa nyingi, kwa sababu kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi. Lakini nyumbani ana suruali ndefu inayoburuta chini, au sketi ya mtoto ambayo zipu imekufa. Hiyo anaweza kukujaribu nayo. Kwa hivyo tangazo la kwanza liongee kuhusu kazi ndogo. Kitenge kitakuja chenyewe akishaona mshono wako.

Chagua kazi moja, uipe bei kamili. "Bei nafuu" haimwambii mtu atoke na pesa ngapi, na wengi wanaona aibu kuuliza. Kisha taja muda wa kuchukua, na hapa piga hesabu kwanza. Tuseme kukunja suruali moja, kuanzia kupima hadi kupiga pasi, kunakuchukua dakika 20. Suruali kumi ni dakika 200, yaani zaidi ya saa tatu bila kuinuka. Ukiahidi "unasubiri kidogo tu" na watu kumi waje, wa mwisho ataondoka amekasirika, na huyo ni jirani yako. Afadhali uahidi jioni, na uweke kikomo cha nguo kwa siku.

Mahali pia paandikwe vile watu wa mtaa wanavyosema. Nambari ya ploti haisaidii. Taja kinyozi, kibanda cha mandazi, rangi ya mlango. Picha nayo iwe ya mlango wenyewe, imepigwa kutoka barabarani. Gauni zuri ulilotoa kwenye mtandao halimwonyeshi mtu pa kuingia, na akikuomba la aina hiyo hiyo usipoliweza, umeanza vibaya.

Tuchukue mfano wa duka lililo karibu na steji. Tangazo linaweza kuwa hivi:

"Jirani, una suruali inayoburuta chini? Nakunja kwa shilingi 100. Ilete kabla ya saa sita mchana, uichukue saa kumi na moja jioni ukitoka kazini. Nguo kumi za kwanza kila siku. Zipu pia tunabadilisha, ulizia bei na nguo ikiwa mkononi. Tuko kando ya kinyozi, mlango wa kijani, ukitoka stejini. Jumatatu hadi Jumamosi. Unalipa kwa Till ukichukua nguo."

Bei hiyo ni ya mfano tu. Weka yako baada ya kuhesabu uzi, stima na muda wako.

Sasa angalia sentensi ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. Mteja akilipa, simu yake inaonyesha jina lililosajiliwa kwenye Till. Kama kibao chako kina jina moja na Till inaonyesha lingine, atasita, na ana haki ya kusita. Kabla ya kuchapisha, mwombe rafiki alipe shilingi chache uone jina linalotokea. Kama ni tofauti, ongeza mstari mmoja kwenye tangazo: "Jina utakaloona ni ..." Nambari yenyewe iache dukani, ikisomeka vizuri, na uikague kila asubuhi, maana kuna wanaobandika stika ya nambari yao juu ya yako.

Mteja naye akikuonyesha SMS ya malipo, tazama kwanza simu yako. Pesa ikishaingia kwako, mpe nguo.

Usiombe malipo ya awali kwenye tangazo hili. Hayo yanafaa nguo mpya, ambapo unanunua bitana na vifungo kabla ya kuanza, na mnakubaliana mkishapima.

Kabla hujachapisha, msomee mtu mmoja wa hapo mtaani, kisha muulize: ulete nini, wapi, ngapi, na urudi saa ngapi? Akikwama kwenye swali lolote, hapo ndipo pa kurekebisha. Na kumbuka Status hupotea baada ya saa 24, kwa hivyo iweke tena kesho. Ile ya mlangoni iandike kwa herufi kubwa, ili mtu aisome bila kusimama.