Alisimama Avute, au Aliacha Kuvuta?

Basi la kutoka Dar es Salaam limefika Chalinze. Mtu mmoja anaandika kwa Kiingereza: "The bus stopped to pick up passengers at Chalinze." Mwingine anaandika: "The bus stopped picking up passengers at Chalinze." Maneno ni karibu yale yale, lakini mabasi ni mawili tofauti. La kwanza limesimama pale njia panda, mlango ukafunguliwa, abiria wakapanda. La pili, tangu lilipofika Chalinze, halipakii tena: limejaa, au kondakta amekataa, na anayelisubiri mbele ya safari litampita.

Kinachobadilisha maana ni umbo la kitenzi cha pili. Kwenye sentensi ya kwanza kimetanguliwa na "to", umbo ambalo wanasarufi huliita infinitivu. Kwenye ya pili kimeishia na "-ing", yaani jerandi. Vitenzi vingi vya Kiingereza hukubali umbo moja tu: "finish" hutaka "-ing", "decide" hutaka "to", na mwanafunzi huvikariri hivyo vikaisha. Vingine, kama "begin" na "start", hukubali maumbo yote mawili na maana isibadilike. Kazi iko kwenye kikundi kidogo ambacho hukubali yote mawili, na kila umbo likaja na maana yake. Vinavyotumika zaidi kila siku ni "stop", "remember" na "try".

Msemaji wa Kiswahili hujikwaa hapa kwa sababu inayoeleweka. Kiswahili kina umbo moja tu mahali pa hayo mawili, nalo ni kitenzi chenye "ku-". Katika "kuvuta sigara kunadhuru", hilo "kuvuta" ni jina kamili, lina ngeli yake na upatanisho wake. Katika "ametoka kuvuta sigara", "kuvuta" hiyo hiyo inaeleza lengo la kutoka. Mtu aliyezoea kubeba kazi zote mbili kwa umbo moja akifika kwenye Kiingereza huokota umbo lililo karibu, na mara nyingi huwa ni lile la "to", kwa sababu shuleni alifundishwa kuwa "kusoma" ni "to read".

Hii haina maana kwamba Kiswahili hakitofautishi mambo haya. Kinatofautisha, ila tofauti kinaiweka mahali pengine. Kwa basi letu, Kiswahili kina vitenzi viwili: basi lilisimama kupakia abiria, basi liliacha kupakia abiria. Msikilizaji ameshaelewa kabla ya kufika kwenye "kupakia". Kiingereza kimeviunganisha "kusimama" na "kuacha" ndani ya neno moja, "stop", kwa hiyo hakina budi kuonyesha tofauti kwenye mkia wa sentensi. Ukishaliona hilo, kipimo cha "stop" ni rahisi. Kama Kiswahili chako kinasema "acha", andika "-ing". Kama kinasema "simama", andika "to". "He stopped smoking": aliacha sigara. "He stopped to smoke": alikuwa anatembea au anafanya kazi, akasimama avute.

Kuna namna nyingine ya kupima, nayo ni kuuliza swali. "Aliacha nini?" hujibiwa na umbo la "-ing", maana hilo ndilo jambo lililoachwa. "Alisimama kwa nini?" hujibiwa na umbo la "to", maana hilo ndilo lengo. Ndiyo sababu jina la mahali linaweza kuingia katikati bila kuharibu kitu, ukasema "The bus stopped at Chalinze to pick up passengers". Jaribu kulipachika hivyo hivyo kwenye sentensi ya "-ing", na maana ya kuacha kupakia itapotea.

Maumbo haya yana asili tofauti, na asili hiyo bado inaonekana. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1100 hivi, tamati "-ung" au "-ing" ilikuwa ya kuunda majina kutokana na vitenzi. "Leornung" lilikuwa jina la tendo la kujifunza, sawa na majina mengine yoyote. Neno "to", kwa upande wake, lilikuwa kihusishi cha mwelekeo, yaani kuelekea mahali au jambo, na liliwekwa mbele ya kitenzi kuonyesha kule nia inakokwenda. Karne nyingi zimepita na kazi za maumbo yote mawili zimepanuka mno. Hata hivyo, kwenye vitenzi hivi vichache tabia ya zamani haijafutika: "-ing" hutaja tendo kama jambo lililopo au lililokwisha kuwepo, na "to" hutazama mbele, kwenye tendo ambalo bado.

Kwenye "remember" mgawanyo huo unakuwa suala la nini kilitangulia. "I remembered to lock the door": kwanza nilikumbuka, kisha nikafunga. "I remember locking the door": kwanza nilifunga, na sasa kumbukumbu ya kufunga ninayo. Katika kukubali, hasara ya kuchanganya ni ndogo, kwa kuwa mlango umefungwa kwa vyovyote. Hatari iko kwenye kukanusha.

Tuchukue mfano wa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala la mahindi. Asubuhi kufuli la mlango wa nyuma limekutwa wazi na magunia yamepungua. Kampuni inataka ripoti ya tukio kwa Kiingereza, iende makao makuu. Mlinzi ni mkweli. Hajui kama alifunga mlango au hakufunga. Huwa anafunga kila usiku, na usiku ule haukuwa na jambo la kuufanya ukumbukwe. Kichwani mwake sentensi ni hii: "Sikumbuki kufunga mlango wa nyuma." Anaanza kuihamisha. Jambo ni la jana, kwa hiyo anaweka wakati uliopita: "I did not remember". "Kufunga" anaifanya "to lock". Ripoti inatoka hivi: "I did not remember to lock the back door."

Msomaji wa makao makuu hana la kujiuliza tena. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inasema mlango haukufungwa, na haukufungwa kwa sababu mlinzi alisahau. Ni kukiri kosa. Alichotaka kusema mlinzi ni "I do not remember locking the back door", sentensi inayoacha suala wazi: pengine alifunga na mtu akavunja au akafungua kwa ufunguo mwingine, pengine hakufunga. Na kama angetaka kuziba kila mwanya, angeandika "I do not remember whether I locked the back door", sawa kabisa na Kiswahili cha "sikumbuki kama nilifunga".

Katika sentensi ile makosa ni mawili, na yanasaidiana. Kumbukumbu anayoizungumzia mlinzi ni ya leo, wakati anaandika, kwa hiyo kitenzi cha kukumbuka kilipaswa kubaki wakati uliopo. Kilicho cha jana ni kufunga. Kiswahili chenyewe kinalinda mpaka huu kwa wakati wa kitenzi: "sikumbuki kufunga" na "sikukumbuka kufunga" hazilingani, na hii ya pili ndiyo aliyoiandika bila kujua.

Mwanaisimu Lauri Karttunen, aliyezaliwa Finland, alivichambua vitenzi vya aina hii mwaka 1971 katika makala iliyochapishwa na jarida la Kimarekani la isimu. Alionyesha kwamba "remember to" ni miongoni mwa vitenzi vinavyobeba hukumu ndani yake: ukikubali, umesema tendo lilifanyika, ukikanusha, umesema halikufanyika. "Manage to" ni cha kundi hilo pia. "Remember" ikifuatwa na "-ing" haifungi jambo kwa namna hiyo inapokanushwa, na ndiyo maana shahidi anayeijua tofauti huitumia kwa uangalifu.

"Forget" huenda pamoja na "remember", ila umbo lake la "-ing" husikika hasa kwenye kukanusha, kama "I will never forget meeting her", sitasahau siku nilipokutana naye. "Regret" nacho kina sura mbili. Anayepokea barua ya kuomba kazi iliyojibiwa "We regret to inform you" anaambiwa "tunasikitika kukujulisha", na habari ndiyo kwanza inakuja. "I regret telling him" ni majuto ya neno lililokwishatoka mdomoni. Kiswahili, kama kawaida yake, kimeshagawa kazi kwenye kitenzi cha kwanza: kusikitika na kujuta.

Inabaki "try", na hapa Kiswahili hakina vitenzi viwili vya kutuokoa, kwa sababu "jaribu" hufanya kazi yote. "I tried to open the window" inasema kulikuwa na juhudi, na kwa kawaida msikilizaji anahisi dirisha lilikwama. "I tried opening the window" inasema dirisha lilifunguliwa kama njia ya kutafuta jambo jingine, labda kupunguza joto, na kilichokuwa kinasubiriwa ni matokeo. Hii ya pili Kiswahili huipata vizuri zaidi kwa "hebu": hebu fungua dirisha uone.

Fundi wa kompyuta hukutana na tofauti hii kwenye simu. Anamwuliza mteja, "Have you tried restarting it?" Anataka kujua kama mashine imezimwa na kuwashwa, na kama tatizo limebaki. Mteja akijibu "I tried to restart it" na akaishia hapo, fundi anaelewa kwamba mashine ilikataa kuzimika au kuwaka, na anaanza kuuliza habari za kitufe na umeme. Kumbe mashine iliwaka vizuri, ila bado ni nzito. Jibu lililohitajika ni "I tried restarting it".

Hata hivyo mpaka wa "try" si mgumu kama wa "stop". Wazungumzaji wengi wa Kiingereza husema "I tried calling you" na "I tried to call you" bila kuzitenganisha, kwa kuwa kumpigia mtu simu akose kupokea ni juhudi iliyoshindwa na pia ni njia iliyojaribiwa ikakosa matokeo. Na "try" yenyewe ikishachukua "-ing", umbo la pili la "-ing" halikubaliki vizuri baada yake. Waingereza hukwepa kusema "I am trying calling you". Hapo hubaki "I am trying to call you" peke yake, na aliyeipokea hawezi kujua kutoka kwenye sarufi kama simu haitoki au inaita bila kupokelewa.