Daftari la riwaya

Chatboti inayosaidia kuandika riwaya kwa kawaida hutegemea maandishi yaliyomo katika mazungumzo yanayoendelea. Yakifunguliwa mapya, sura zilizotangulia kwa kawaida hazimo. Na hata mazungumzo yaleyale yakirefuka mno, sehemu za mwanzo huweza kuachwa nje. Mara nyingi programu haisemi kwamba kuna pengo, bali hulijaza kwa kubuni. Nahodha aliyepofuka jicho la kushoto katika sura ya 2 huchungulia darubini kwa jicho hilohilo katika sura ya 9, na kwa kuwa sentensi ni tamu, kosa hupita.

Dawa yake ni daftari la riwaya: faili la ukurasa mmoja au miwili linalobandikwa mwanzoni mwa kila kikao. Huandikwa kwa maneno makavu: "Nahodha: miaka 52, jicho la kushoto halioni tangu sura ya 2, hajui kwamba mkewe ameuza jahazi." Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kwa urahisi, ilhali mhusika akijua siri kabla ya wakati wake, hadithi huvunjika kuliko akibadilika rangi ya macho. Kila sura ikiisha, mwandishi huongeza yaliyobadilika. Chatboti ikipewa kazi hiyo, muhtasari wake ulinganishwe na sura yenyewe, maana nao huweza kupachika jambo lisilokuwamo.