Mtaa Mmoja, Bomba Moja: Kwa Nini Bei ya Maji na Umeme Haipangwi na Muuzaji

Sukari ikipanda bei duka la Mangi, unavuka barabara ukanunue duka la pili. Hilo la pili likipandisha pia, unasubiri gulio la Jumamosi. Mwenye duka analijua hilo, na ndiyo maana hathubutu kupandisha atakavyo. Sasa jaribu kufanya hivyo na umeme. Uniti za LUKU zikiwa ghali, hakuna ng'ambo ya barabara pa kwenda. Waya unaoingia nyumbani kwako ni mmoja, na mwenye waya ni mmoja. Bomba la maji nalo ni hivyo hivyo.

Watu wengi hudhani hali hii imeletwa na serikali kuipendelea kampuni yake, na kwamba soko likifunguliwa washindani watajaa. Kwa baadhi ya biashara dhana hiyo ni sahihi. Kwa bomba na nguzo, sivyo.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtaa una nyumba 400, na kuchimba mtaro, kulaza bomba na kufunga vali kunagharimu shilingi milioni 200. Kampuni moja ikihudumia nyumba zote, kila nyumba inabeba shilingi 500,000 za gharama hiyo. Ikaja kampuni ya pili ikachimba mtaro wake na kulaza bomba lake, nayo itatumia milioni 200. Wakigawana wateja nusu kwa nusu, kila nyumba sasa inabeba shilingi milioni moja. Maji ni yaleyale, mtaa ni uleule, lakini mzigo umekuwa mara mbili. Ushindani, ambao kwenye sukari unashusha bei, hapa umeipandisha.

Sababu ni kwamba karibu gharama yote iko ardhini kabla tone la kwanza halijauzwa. Bomba likishapita, kumuunganisha jirani wa 401 ni kazi ya siku moja na vifaa vichache. Kadiri wateja wanavyoongezeka kwenye bomba lilelile, ndivyo gharama ya kila mmoja inavyoshuka. Wachumi huita hali hii ukiritimba wa asili, yaani ukiritimba unaotokana na maumbile ya kazi yenyewe, hata kama hakuna sheria inayowazuia wengine kuingia.

Tuangalie pia mipaka ya jambo hili. Kwenye umeme, kinachobeba ukiritimba wa asili ni nyaya, nguzo na transfoma. Kufua umeme ni kazi nyingine, na inaweza kufanywa na wengi. Songas, kwa mfano, ilifua umeme kwa gesi asilia Dar es Salaam na kuiuzia TANESCO mpaka mkataba wao ulipoisha mwaka 2024. Mitambo inaweza kushindana. Nyaya za mtaani kwako haziwezi.

London ilijifunza somo hili kwa gharama. Kati ya 1806 na 1811 kampuni mpya za maji ziliingia mjini kushindana na zile za zamani. Mabomba ya kampuni mbili yalilazwa kwenye barabara ileile, na wateja wakanyang'anywa huku na huku kwa bei za chini. Kwa muda mfupi wakazi walifurahi. Lakini kila kampuni ilikuwa imezika fedha nyingi ardhini na wateja wake walikuwa nusu tu ya iliowatarajia. Hasara zikawalemea wote. Mwaka 1817 wakakaa chini wakaugawa mji, kila kampuni eneo lake, na bei zikapanda. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1821 kamati ya Bunge ililichunguza suala hilo. Ushindani ulikuwa umekufa wenyewe, na mwananchi akabaki mikononi mwa muuzaji mmoja asiyesimamiwa na mtu.

Hapo ndipo swali la mdhibiti linapozaliwa. Ikiwa muuzaji mmoja ndiye nafuu kuliko wawili, basi na abaki mmoja. Lakini mmoja huyo akiachwa apange bei mwenyewe, ataipandisha mpaka mahali ambapo mnunuzi hawezi tena, maana hakuna anayeweza kuishi bila maji. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, wa kukagua hesabu na kutamka bei. Tanzania kazi hiyo inafanywa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Kenya, umeme uko chini ya EPRA na maji chini ya WASREB.

Mdhibiti anahesabu vipi? Haanzi na bei. Anaanza na swali moja: kampuni hii inahitaji mapato kiasi gani kwa mwaka ili ifanye kazi yake vizuri? Jibu lina mafungu matatu. La kwanza ni gharama za uendeshaji: mishahara, dawa za kusafishia maji, umeme wa pampu, matengenezo. La pili ni uchakavu, kwa sababu pampu ya leo itabidi inunuliwe tena baada ya miaka kadhaa. La tatu ni faida ya mtaji, yaani malipo ya haki kwa fedha zilizowekwa kwenye mitambo na mabomba, iwe ni mkopo wa benki au fedha za wenye kampuni. Jumla hiyo hugawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa, na hapo ndipo bei ya wastani inapopatikana.

Ikielezwa hivyo inaonekana kazi ya karani. Ugumu uko kwenye maneno mawili: gharama halali. Tuchukue mji wa kubuni ambao mamlaka yake ya maji inazalisha uniti milioni 10 kwa mwaka, uniti moja ikiwa lita 1,000. Inasema inahitaji shilingi bilioni 8. Lakini mabomba yake yanavuja, mita zake zimezeeka, na wapo waliojiunganishia kwa siri, kwa hiyo inauza uniti milioni 6 tu. Wanakuja kwa mdhibiti na hesabu yao: bilioni 8 gawanya kwa milioni 6, bei iwe shilingi 1,333.

Mdhibiti akikubali, mteja anayelipa kwa uaminifu ataulipia kila mvujo wa mji na kila mwizi wa maji, na kampuni haitakuwa na sababu ya kuziba hata tundu moja. Kwa hiyo mdhibiti mwenye uzoefu anajibu hivi: mtandao unaotunzwa vizuri hupoteza asilimia 20 hivi. Nitakuhesabia kana kwamba umeuza uniti milioni 8. Bilioni 8 gawanya kwa milioni 8 ni shilingi 1,000. Tofauti ni juu yako. Sasa, kwa uniti milioni 6 inazouza, kampuni inakusanya bilioni 6, na bilioni 2 zinapungua kila mwaka mpaka ianze kuziba mabomba. Shinikizo ambalo duka la ng'ambo ya barabara lingeliweka, mdhibiti ameliweka kwa kalamu.

Lakini kalamu hiyo ina makali pande mbili. Kuziba mabomba kunahitaji fedha. Kampuni iliyopewa pungufu inaweza kukosa hata fedha za kununua mabomba mapya, mvujo ukaongezeka, na mwaka unaofuata ikarudi ikiwa hoi zaidi. Ndiyo maana mara nyingi mdhibiti hushusha kiwango cha upotevu kinachokubalika hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa, badala ya kudai yote kwa siku moja.

Ukitaka kuona mvutano huu ukiwa hai, rudi Desemba 2016. TANESCO ilikuwa imeomba kupandisha bei kwa wastani wa asilimia 18.19, huku ikidaiwa mamia ya mabilioni ya shilingi na walioiuzia umeme na gesi. EWURA ilipokea maombi, ikasikiliza wadau, ikapitia hesabu, na mwishoni mwa mwezi ikatangaza ongezeko la asilimia 8.53, chini ya nusu ya kilichoombwa, lianze 1 Januari 2017. Halikuanza. Serikali ililisimamisha, Rais John Magufuli akalipinga hadharani akisema haliendani na azma ya kujenga viwanda na kupeleka umeme vijijini, na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akaondolewa kazini.

Wananchi wengi walishangilia, na ni rahisi kuwaelewa. Lakini gharama haifutwi kwa tamko. Mafuta ya mitambo yalikuwa yameshachomwa, gesi ilikuwa imeshatumika, na wenye kudai walikuwa bado wanadai. Bei isipobeba gharama, gharama hutafuta mlango mwingine: kodi ya wote, deni la kesho, au nguzo iliyooza isiyobadilishwa. Mdhibiti anawekwa mbali na uchaguzi na siasa za kila siku kwa sababu hiyo hiyo, ili atamke bei isiyopendwa na muuzaji wala mnunuzi lakini yenye hesabu nyuma yake.

Na hapa kuna jambo ambalo naliona linasahauliwa katika kila mjadala wa bei. Bei kubwa kupita kiasi humwumiza aliyeunganishwa. Bei ndogo kupita kiasi humwumiza asiyeunganishwa, na huyu ndiye maskini zaidi, naye hana sauti kwenye mjadala kwa sababu hana hata ankara ya kulalamikia. Tuseme maji ya bomba yanauzwa shilingi 1,500 kwa uniti. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ndoo ni shilingi 30. Mama anayeishi pasipofika bomba ananunua ndoo kwenye mkokoteni, tuseme kwa shilingi 200. Uniti yake ni shilingi 10,000. Kila mwaka ambao kampuni inakosa fedha za kupeleka bomba mtaani kwake, anaendelea kulipa karibu mara saba ya anacholipa mwenye bomba. Yeye ndiye anayelipia bei nafuu yetu.

Kumlinda mwenye kipato kidogo kunawezekana bila kuiua kampuni, kwa kugawa bei kwa matumizi. Katika viwango vya EWURA vya mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa umeme wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Mtumiaji wa kawaida alilipa 292. Mkubwa anambeba mdogo. Lakini hata hilo humfikia tu yule ambaye waya umeshamfikia.

Kabla ya bei kubadilishwa, EWURA huitisha mkutano wa taftishi, na mwananchi yeyote ana haki ya kuhudhuria na kusema. Wengi wetu huenda kusema tu kwamba maisha ni magumu. Ni kweli, lakini hesabu haibadiliki kwa kauli hiyo. Waulizeni maswali ambayo mdhibiti mwenyewe huuliza. Katika uniti mlizozalisha, ngapi hazikulipiwa, na mwaka jana zilikuwa ngapi? Mtambo huu mnaotaka tuulipie faida, unafanya kazi au umesimama? Na kwa fedha hizi mnazoomba, ni nyumba ngapi mpya zitapata bomba, na mtaa gani? Swali la mwisho muulize kwa niaba ya yule mama wa mkokoteni. Saa hiyo ya mkutano, huenda yuko foleni ya maji.