Zawadi Inayoanza kwa Kukuomba: Dalili Tatu Ambazo Tapeli Hawezi Kuzificha

Katika tawi dogo la benki, watu wa kaunta huwafahamu wateja wao. Hujua nani anauza mchele sokoni, nani anaweka akiba ya ada ya shule, na nani hutoa fedha mwisho wa mwezi tu. Ndiyo maana mteja anayekuja ghafla kutoa akiba yake yote, simu ikiwa sikioni na mtu wa upande wa pili akimwelekeza la kufanya, huombwa akae kwanza. Akiulizwa kuna nini, si ajabu kusikia kwamba ameshinda zawadi, ila anatakiwa kulipa kidogo ili aipokee.

Wengi wetu tumezoea kuitambua meseji ya kitapeli kwa sura yake: makosa ya tahajia, herufi kubwa tupu, namba ngeni. Lakini sura inarekebishika. Tapeli akipata mtu wa kumsahihishia Kiswahili, meseji yake itasomeka kama tangazo la kampuni kubwa. Kinga iliyo imara ni kutafuta yale ambayo hawezi kuyaondoa, kwa sababu akiyaondoa kazi yake haifanyiki. Yako matatu.

Jina la mtumaji si kitambulisho

Kabla ya dalili zenyewe, tuondoe imani moja inayowaponza watu. Meseji ya benki au ya kampuni ya simu huja na jina mahali ambapo kwa kawaida huonekana namba. Jina hilo ni maandishi tu, yasiyozidi herufi 11, ambayo huwekwa na mfumo unaotuma. Pale ambapo mtandao hauyachuji majina hayo, mtu mwingine anaweza kuandika jina lilelile. Simu yako haina njia ya kujua tofauti: hupanga meseji kwa jina, hivyo ya uongo inaweza kukaa chini ya meseji halali za benki yako, katika mfululizo uleule.

Kuitwa kwa jina lako nako si ushahidi. Mtu anapoanza kutuma fedha kwa simu, mfumo humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Utaratibu huo umewekwa ili tusikosee namba. Tapeli anaweza kuingiza namba yako, akasoma jina lako, akaghairi muamala, kisha akakupigia na kukuita kwa majina yako yote.

Mfano wa hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mchele sokoni. Saa nne asubuhi anapokea meseji hii: "HONGERA! Namba yako imeshinda TSH 5,000,000 katika promosheni yetu ya wateja. Piga namba hii kabla ya saa sita kupokea zawadi yako. Usimwonyeshe mtu ujumbe huu kwa usalama wako." Anapiga. Sauti yenye heshima inampongeza, inamwita kwa jina, inamuuliza fedha ziingie benki au kwenye simu. Kisha inamwambia kuna ada ya kusajili zawadi, shilingi 45,000, itumwe kwa namba ya "mhasibu". Anatuma. Baada ya dakika kumi inadaiwa kodi ya serikali, shilingi 120,000. Anakopa kwa jirani wa meza, anatuma. Halafu inatajwa bima ya kuhamisha fedha nyingi, shilingi 200,000. Kufikia hapo ametoa 365,000, na hajapokea hata senti moja.

Sasa tuupitie mfano huo tena, dalili moja baada ya nyingine.

Dalili ya kwanza: ushindi usio na chanzo

Droo halali huanza na kumbukumbu: kuponi, tiketi, au muamala ulioufanya katika kipindi kilichotangazwa. Nchini Tanzania, bahati nasibu na promosheni za zawadi husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kwa hiyo mshindi wa kweli ana jambo la kuuliza na kujibiwa: ni promosheni ipi, ilitangazwa lini, na mimi niliingiaje?

Meseji ya tapeli haiwezi kujibu hayo kwa sababu mwandishi wake hakujui. Namba zetu za simu zina tarakimu 10. Ukishika nne za mwanzo, zile sita zilizobaki zinatoa namba 1,000,000. Tapeli hahitaji orodha ya siri. Anaweza kutuma kwa namba zinazofuatana, ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza "kushinda" siku moja.

Hesabu yake inalipa hata kama karibu kila mtu atampuuza. Tuseme ametuma meseji 10,000, watu 30 wakapiga, na watano wakalipa ile ada ya kwanza ya 45,000. Hizo ni shilingi 225,000 kabla hajadai "kodi". Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa kampuni ya Microsoft alieleza kwa hesabu kwa nini baadhi ya matapeli huandika uongo ulio wazi kabisa. Kutuma ujumbe ni rahisi. Kinachowagharimu ni muda wa kuongea na kila anayejibu. Uongo wa wazi huwafukuza mapema wenye mashaka, ambao wangewapotezea muda kisha wasilipe. Wanaobaki ni wale walio tayari kuamini.

Dalili hii ina mpaka wake. Zipo promosheni ambazo mteja huingizwa kwa kutumia tu huduma, bila kujaza kuponi. Basi usipokumbuka kushiriki, uwe na shaka, lakini hukumu itolewe na dalili ya pili.

Dalili ya pili: kitu kinatoka kwako

Hii ndiyo nzito kuliko zote. Zawadi ni fedha inayotoka kwao kuja kwako. Mara tu njia inapogeuka, kukawa na kitu cha kutoka kwako kwenda kwao, umepata jibu.

Kitu hicho kinaweza kuwa fedha yenye majina mengi: ada, kodi, bima, usafirishaji, uanachama. Kipimo chake ni sentensi moja: "Kateni humo humo." Mwenye shilingi 5,000,000 za kukupa hapungukiwi akikata 45,000 humo na kukutumia 4,955,000. Hata kodi halisi ya zawadi hukatwa na anayelipa kabla mshindi hajapokea. Haitumwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Tapeli atatoa sababu ndefu kwa nini haiwezekani. Sababu ya kweli ni kwamba hizo milioni tano hazipo.

Kitu hicho kinaweza pia kuwa siri. Ili kupokea fedha benki, mtumaji anahitaji namba ya akaunti na jina lako. Kwenye simu anahitaji namba ya simu. Namba ya siri huamuru fedha kutoka, na zile tarakimu chache zinazotumwa kwa meseji kuthibitisha muamala hukubali jambo ambalo mtu ameshalianzisha. Anayekuomba umsomee tarakimu hizo ameshafika mlangoni mwa akaunti yako na anasubiri umfungulie. Mfanyakazi wa benki hana sababu ya kuziomba, awe mgeni au yule unayemjua. Kiungo cha kubofya ili "ujaze taarifa", au programu ya kupakua ili "upokee zawadi", vipime kwa kipimo hichohicho.

Kwa nini mama wa mchele aliendelea kulipa baada ya ile 45,000? Si ujinga. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio kuhusu tiketi za msimu wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha Ohio. Baadhi ya wanunuzi walilipa bei kamili, wengine, waliochaguliwa bila mpangilio, walipunguziwa. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa kamili walihudhuria zaidi, ingawa tamthilia zilikuwa zilezile. Kilichokwishalipwa kinatuvuta tuendelee, hata pale ambapo hakiwezi kurudi. Tapeli huanza na kiasi kidogo kwa sababu hiyo. Malipo ya kwanza ndiyo yanayofanya ya pili yaonekane kama njia ya kuokoa ya kwanza.

Dalili ya tatu: haraka na usiri

"Kabla ya saa sita." "Usikate simu." "Usimwonyeshe mtu." Maneno haya yana kazi mbili. Ya kwanza ni kukunyima muda wa kupima. Mtu anayeharakishwa hupima mambo machache zaidi kabla ya kuamua, na anayeongozwa kwa sauti huku akibonyeza simu hana nafasi ya kujiuliza maswali. Ya pili ni kumwondoa mtu mwingine. Jirani wa meza hajaahidiwa chochote, hivyo anaweza kuliona jambo kwa utulivu. Mama yule angemwambia anakopea nini, huenda mkopo wenyewe usingetolewa.

Zaidi ya hayo, haraka hiyo ni ya tapeli. Laini yake inaweza kufungwa wakati wowote ikiripotiwa, na fedha aliyopokea anataka kuitoa kwa wakala kabla haijazuiwa. Kampuni yenye zawadi ya kweli haina shida ukisema, "Nitakuja ofisini kesho na kitambulisho changu." Sema hivyo, kata simu, kisha wewe ndiye upige: namba 100 ya huduma kwa wateja wa mtandao wako, au namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako ya benki. Usipige ile iliyo ndani ya meseji.

Ukishatuma

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Piga 100, eleza kuwa umetapeliwa, na omba fedha izuiwe. Kama haijatolewa, kuna nafasi ya kuiokoa. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe hapohapo, kisha piga simu benki wazuie huduma ya akaunti kwa simu. Usifute meseji wala kumbukumbu za muamala. Zipeleke kituo cha polisi ukachukue namba ya RB. Namba ya tapeli iripoti kwa TCRA kupitia 15040, ambako ripoti yako inaweza kumkinga mtu wa namba inayofuata.

Kisha jiandae kwa simu moja zaidi. Namba ya mtu aliyewahi kulipa ina thamani kwa matapeli, na baada ya siku au wiki kadhaa anaweza kupiga "afisa" anayesema fedha yako imepatikana, bado tu ada ndogo ya kuirejesha. Atakuwa na sauti nyingine na hadithi nyingine. Mpime vilevile: amekupataje, nini kinatoka kwako, na kwa nini hataki uulize mtu.