Ndama anaporudi nyumbani baada ya nimonia

Ndugu mmoja wa milima ya Masisi alirudi nyumbani na ndama wa kilo 60 aliyetibiwa nimonia. Tunaeleza hapa maagizo aliyopewa.

Sindano ya kwanza ya oksitetrasaiklini, ile inayokaa muda mrefu mwilini, ilipigwa Jumatatu. Ya pili ni Alhamisi, hata kama ndama ameanza kuruka. Homa hushuka mbele ya mapafu kupona. Anayeacha dawa hapo huona ugonjwa ukirudi.

Ndama alale mbali na wenzake, juu ya nyasi kavu. Piga magoti hapo: suruali ikilowa, badilisha nyasi. Zuia upepo wa chini, lakini acha hewa ipite juu. Usimweke jikoni, moshi unaumiza mapafu. Mpe maziwa lita 2 mara tatu kwa siku.

Asubuhi na jioni, akiwa ametulia, hesabu ubavu unavyoinuka kwa dakika moja. Ukipita mara 40, au akikataa maziwa, au akipumua kinywa wazi, mwite veterinere siku ile ile.

Asichinjwe kwa kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.