Vigezo na masharti ya duka la gemu: mnunuzi wa Steam anakubali nini

Anayenunua gemu katika duka la Steam, linaloendeshwa na kampuni ya Valve ya jimbo la Washington, Marekani, hufungwa na mkataba uitwao Steam Subscriber Agreement. Ni maandishi marefu ya Kiingereza, na watu wengi huweka alama kwenye kisanduku cha kukubali bila kuyafungua. Sentensi nzito kuliko zote imo katika sehemu ya pili, inaposemwa kwamba maudhui na huduma ni licensed, not sold: mnunuzi hupewa leseni ya kutumia gemu, wala hauziwi gemu yenyewe. Tangu Oktoba 2024 ukurasa wa malipo nao hueleza kwamba kinacholipiwa ni leseni. Tangazo hilo lilianza kuonekana muda mfupi baada ya jimbo la California kupitisha sheria inayoyabana maduka ya kidijitali yanayotumia neno la kununua bila kufafanua ni haki gani mteja anapata.

Masharti mengine ni matawi ya sentensi hiyo. Leseni haiuzwi tena, haihamishwi kwa mtu mwingine, na inaweza kukatishwa.

Kuhusu fedha kurudishwa, mkataba husema kwanza kwamba malipo ni ya mwisho, kisha huelekeza kwenye mambo yaliyotengwa na kanuni hiyo. Hayo yamo katika ukurasa mwingine, Steam Refunds, na anayeishia kwenye mkataba peke yake hudhani hana haki yoyote. Kanuni yake ni fupi: ombi lipelekwe ndani ya siku 14 tangu kununua, na gemu iwe imechezwa chini ya saa mbili. Masharti yote mawili lazima yatimie kwa pamoja. Sababu haiulizwi kwa ukali. Hata aliyenunua gemu kisha akaiona imeshushwa bei siku chache baadaye anaruhusiwa kuirudisha na kuinunua tena kwa bei ndogo.

Tatizo huwa kwenye hesabu ya saa mbili. Steam huhesabu muda wote ambao gemu iko wazi kwenye kompyuta, hata kama hakuna anayegusa kitufe. Mchezaji aliyenunua gemu ya dola 30 tarehe 1 Machi anaweza kuifungua tarehe 10 na kukuta kompyuta yake inaimudu kwa shida. Anatumia dakika 40 kupunguza ubora wa picha, anacheza saa moja kuona kama imetulia, kisha anaisimamisha na kwenda kula kwa dakika 25. Kwa makisio yake amecheza saa moja tu. Kwa hesabu ya duka ametumia dakika 125, na ingawa siku 14 hazijaisha, kinga ya saa mbili imekwisha. Bado anaweza kutuma ombi, kwa kuwa ukurasa wenyewe unasema maombi ya nje ya muda hutazamwa, lakini kutoka hapo hategemei tena haki bali hiari ya duka. Dawa ni kuizima gemu kabisa mara inapoonekana haifai, na kutazama muda unaoandikwa kwenye maktaba ya Steam kabla ya kuendelea na majaribio.

Gemu iliyolipiwa kabla ya kutoka inaweza kurudishwa wakati wowote kabla ya siku ya kutoka, na siku 14 huanza kuhesabiwa siku hiyo. Kulikuwa na mwanya: wenye ruhusa ya kuingia mapema walicheza saa nyingi bila kuhesabiwa. Ulizibwa Aprili 2024, na sasa dakika hizo nazo zinahesabiwa.

Ombi likikubaliwa, fedha hurudishwa ndani ya wiki moja kwa njia iliyotumika kulipa au kwenye mkoba wa ndani, Steam Wallet. Njia ya malipo isipoweza kupokea marejesho, fedha zote huingia kwenye mkoba, na salio la mkoba halitolewi kama taslimu. Hili lina uzito kwa wachezaji wa Afrika Mashariki wanaolipa kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za fedha kwa simu: ni vema kadi isifutwe mpaka marejesho yafike. Kwenda benki kuzuia malipo badala ya kutumia utaratibu wa duka ni hatari zaidi, kwa sababu akaunti inaweza kufungwa wakati mzozo unaendelea.

Kufungiwa nako kuna ngazi, na si haki kuzichanganya. Mfumo wa VAC unaponasa programu ya udanganyifu, mchezaji huzuiwa kuingia kwenye seva zinazolindwa na mfumo huo katika gemu husika. Adhabu hiyo ni ya kudumu na Valve haiijadili, ila gemu nyingine zote hubaki, na sehemu ya mchezaji mmoja huendelea kuchezeka. Watengenezaji wa gemu nao wanaweza kumfungia mtu katika gemu yao, na hapo malalamiko hupelekwa kwao, si kwa Valve. Anayefungiwa na VAC hupoteza haki ya kurudishiwa fedha za gemu hiyo. Hata kuazimana ndani ya familia kuna gharama yake: ndugu akidanganya katika gemu aliyoazimwa, mwenye gemu anaweza kufungiwa pia.

Ngazi ya juu ni kupoteza akaunti. Mkataba unairuhusu Valve kuifunga kwa kuvunja sharti lolote, na unasema wazi kwamba hapo hakuna marejesho, si ya gemu wala ya salio la mkoba. Kati ya masharti hayo limo katazo la kuficha mahali mtu anapoishi, kama wanavyofanya wanaotumia VPN kupata bei nafuu za nchi nyingine. Mzozo ukizidi, mkataba unautuma kwenye mahakama za kaunti ya King, Washington. Kwa mchezaji wa Mombasa au Mwanza, kinachobaki kwa vitendo ni dawati la huduma kwa wateja.

Maudhui yanapoondolewa, swali la kwanza ni yameondolewa wapi. Gemu inayotolewa dukani kwa kawaida hubaki kwenye maktaba ya aliyekwisha kuilipia, naye anaweza kuipakua upya. Inayotegemea seva ni habari nyingine. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilihitaji mtandao hata kwa anayecheza peke yake. Desemba 2023 iliacha kuuzwa, na tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa. Aprili hiyo wachezaji wakaanza kuona leseni yao imeondolewa kwenye akaunti za Ubisoft. Marejesho yalitajwa kwa walioinunua karibuni tu. Walioilipia miaka ya nyuma walibaki mikono mitupu, na kwa mujibu wa maandishi waliyokubali hawakuwa wamenyang'anywa mali. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyovuka saini milioni moja katika Umoja wa Ulaya mwaka 2025.

Dalili za gemu ya aina hiyo huonekana kwenye ukurasa wake kabla ya kulipa. Maneno Requires 3rd-Party Account humaanisha kuna kampuni ya pili yenye mkataba wake, nao unapaswa kusomwa vilevile. Katika mikataba hiyo, maneno ya kutafutwa kwa Ctrl+F ni refund, terminate, suspend na discontinue. Sentensi moja kabla na moja baada ya kila neno kwa kawaida hutosha kuonyesha nani anaweza kukatisha nini, kwa taarifa ya siku ngapi, na kama kuna fidia. Duka la GOG huwapa wanunuzi faili ya kusakinishia gemu inayohifadhiwa kwenye diski yao na kufanya kazi bila mtandao. Nako kinachotolewa kisheria ni leseni, lakini faili iliyokwisha kupakuliwa haitegemei seva ya duka ili ifunguke.