Kusoma Nguvu ya Bia kwa Haidromita

Haidromita ya bia ni mrija wa kioo uliozibwa pande zote mbili. Chini una tumbo zito, juu una shingo nyembamba yenye karatasi ya vipimo ndani yake. Ukiitumbukiza kwenye maji safi ya nyuzijoto 20, huzama mpaka uso wa maji ulingane na alama ya 1.000. Kwenye maji yenye sukari haizami kiasi hicho, maana majimaji mazito huibeba, na utasoma 1.030, 1.050 au zaidi kulingana na sukari iliyomo. Kilevi chenyewe haikioni hata kidogo. Inachopima ni uzito wa majimaji ukilinganishwa na uzito wa maji, basi. Ndiyo maana mpikaji wa bia hupima mara mbili: kabla chachu haijaanza kazi, na baada ya kumaliza.

Katikati ya vipimo hivyo viwili chachu hula sukari, ikatoa kilevi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu 180 za glukosi huzaa takriban gramu 92 za kilevi na gramu 88 za gesi. Gesi hupanda na kupotea hewani, na uzito wake huondoka nayo. Kilevi kinabaki, lakini nacho ni chepesi kuliko maji. Kwa hiyo namba hushuka kwa sababu zote mbili, na ukubwa wa mshuko huo ndio unaotueleza kilevi kimezaliwa kiasi gani.

Wapikaji wa Uingereza walianza kukitumia chombo hiki katika karne ya 18, na si wote walikipokea vizuri. James Baverstock, kijana wa kiwanda cha bia cha mji wa Alton, alikitumia kwa kificho kwa sababu baba yake hakutaka kusikia habari zake. Mwaka 1784 John Richardson wa Hull alichapisha kitabu kilichoonyesha namna ya kupima kimea kwa njia hiyo, na hapo hesabu za biashara zikabadilika. Kimea cheusi cha kahawia, kilichokuwa rahisi kwa bei, kilionekana kutoa sukari kidogo mno kuliko kimea cheupe. Wapikaji wa bia nyeusi ya London wakaanza kukihama. Ulimi ulikuwa umewadanganya miaka yote hiyo.

Sasa tuchukue bia ya rangi ya dhahabu ya Kiingereza, lita 20, iliyopikwa jikoni kwa kilo 4.5 za kimea cheupe. Kimea kimelowekwa kwenye maji moto, maji yake matamu yamechujwa, yakachemshwa na maua ya hopsi, kisha yakapozwa. Kabla ya kutia chachu, mpikaji anachota kiasi cha kujaza mrija mrefu wa kupimia, anaitumbukiza haidromita na kuizungusha kidogo kwa vidole ili viputo vilivyoganda kwenye kioo viachie. Viputo huinyanyua na kuongeza namba kwa uongo. Ikitulia, anainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa majimaji. Pembeni ya kioo majimaji hupanda kidogo na kufanya kijipinde. Kinachosomwa ni sehemu ya chini ya kijipinde hicho.

Amesoma 1.044. Lakini maji yake bado yana nyuzijoto 35, na haidromita yake, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya ndani, imetengenezwa kwa nyuzijoto 20. Majimaji ya moto hutanuka na kuwa mepesi, hivyo namba imepungua. Kwa tofauti hii anaongeza 0.004, na uzito wa mwanzo unakuwa 1.048. Marekebisho ya namna hii yanaaminika kwa joto la kadiri tu. Kupima maji yaliyotoka kwenye sufuria yakifuka moshi ni kazi bure, na mrija wa plastiki unaweza kupinda.

Kosa jingine huwapata zaidi wanaotumia kimea cha maji mazito cha kopo, ambacho huongezwa maji baridi ndani ya ndoo. Wasipokoroga vya kutosha, utamu hukaa chini na maji hukaa juu. Aliyechota juu atasoma namba ndogo na kudhani kopo lina kasoro.

Baada ya wiki moja na nusu hivi, ndoo imetulia na namba ni 1.010. Hesabu iliyozoeleka, ile inayotumiwa na vikokotoo vingi vya wapikaji wa nyumbani, ni hii:

```
ABV = (OG - FG) × 131.25
```

OG ni uzito wa mwanzo, FG ni uzito wa mwisho, na ABV ni asilimia ya kilevi kwa ujazo. Toa 1.010 kwenye 1.048, unabaki na 0.038. Zidisha kwa 131.25, unapata 4.99, yaani asilimia 5. Kama angesahau joto na kubaki na 1.044, angeandika 4.5 kwenye lebo, na wanywaji wangelewa nusu asilimia ambayo hawakuambiwa. Hiyo 131.25 ni makadirio yanayofaa bia za kawaida; kwa bia nzito zilizoanzia 1.080 na kuendelea, jibu huwa dogo kuliko ukweli.

Namba ya mwisho ina kazi kubwa kuliko lebo. Watu wengi hutazama viputo kwenye bomba la kutolea gesi, vikikoma wanasema bia imeiva. Lakini kifuniko kinaweza kuvujisha gesi pembeni, au baridi ya usiku ikailaza chachu kabla haijamaliza. Ikisimama kwenye 1.020 na mtu akaijaza kwenye chupa, chachu huweza kuamka humo humo, gesi ikakosa pa kutokea na chupa zikapasuka. Dawa ni kupima leo, kisha kupima tena baada ya siku mbili au tatu. Namba isiyobadilika, na iliyo karibu na ile inayotarajiwa kwa mapishi hayo, ndiyo ruhusa ya kujaza chupa. Sampuli ya wakati huu imejaa gesi, kwa hiyo imimine mara kadhaa kati ya glasi mbili kabla ya kupima. Ukimaliza ionje, usiirudishe kwenye ndoo.

Kuna kidogo cha kuongeza. Mpikaji wetu atatia gramu 120 za sukari kwenye lita zake 20 ili bia itoe povu ndani ya chupa. Sukari hiyo nayo huliwa, na huongeza takriban asilimia 0.4 ambayo haidromita haikuihesabu. Bia yake ni 5.4.

Mbege ya Kilimanjaro ingeusumbua sana utaratibu huu. Ndizi hupikwa, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, juisi yake huchujwa, na ndipo uji wa kimea cha ulezi huongezwa. Sukari huingia kwa awamu mbili, na ya pili hukuta chachu tayari iko kazini, kwa hiyo hakuna saa unayoweza kuiita mwanzo. Chembe za ulezi zinazoelea nazo huikwamisha haidromita. Tena mbege hunywewa ikiwa bado inachachuka, na anayepima kata ya asubuhi na ya jioni ya pipa lilelile atapata namba mbili tofauti.